Orodha ya vitu vya nyumba ya shangazi: shajara ya kazi, Agosti 2025 hadi Februari 2026

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mpangaji wa zamani alihama Jumapili iliyopita. Jana shangazi amemrudishia amana yake yote, shilingi 900,000, huku moyoni akiamini kwamba meza yake ya mninga imeharibiwa. Juu ya meza kuna alama nyeupe ya duara, kama sufuria ya moto iliwekwa bila kitambaa. Mpangaji alisema aliikuta. Nilifungua orodha tuliyomsainisha alipoingia, nikakuta mstari huu: "Meza ya chakula 1, nzuri." Basi. Picha zilikuwa kwenye simu ambayo ilishaibwa, na zile tulizotumiana WhatsApp zilionyesha sebule nzima kutoka mlangoni, meza ikiwa kwa mbali na kitambaa juu yake.

Kinachoniuma si hizo hela. Mpaka sasa sijui nani alikuwa mkweli, na sitajua. Inawezekana tumemdhania vibaya mtu asiye na kosa, na inawezekana shangazi amedhulumiwa. Orodha ilikuwapo, saini zilikuwapo, lakini haikuweza kujibu swali moja dogo.

Mpangaji mpya anaingia tarehe 16. Shangazi yuko Tanga, mimi ndiye ninayeishi karibu na nyumba hii ya Upanga, Dar es Salaam: vyumba viwili, sebule, jiko, bafu na varanda, ghorofa ya tatu, na fenicha zake zote ndani. Nimempigia leo.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umeshaipata ile karatasi ya zamani?"

"Nimeipata, lakini haifai. Naomba niiandike upya yote, kitu kimoja kimoja."

"Andika. Ila na wewe usije ukaandika vijiko tu ukaacha meza yangu."

Nina wiki mbili.

Jumapili, 3 Agosti

Leo sikuandika hali ya kitu chochote. Nimehesabu na kutoa namba tu. Kila chumba kina herufi tatu: `SEB` sebule, `JIK` jikoni, `CH1` na `CH2` vyumba vya kulala, `BAF` bafu, `VAR` varanda. Kila kitu kinapata herufi za chumba chake na namba, nikianza mlangoni na kuzunguka ukutani kwa mkono wa kushoto mpaka nirudi mlangoni, ndipo nikamalizia vilivyo katikati. Mzunguko huu una faida yake. Mtu mwingine akija na orodha hii hahitaji kutafuta kitu, anatembea tu na vitu vinamjia kwa mpangilio ule ule.

Nimeamua kwamba viti sita vya meza ni mistari sita, si mstari mmoja wa "viti 6". Kiti kimoja kikivunjika nitataka kujua ni kipi, na kama mguu wake ulikuwa umelegea tangu mwanzo. Sahani, vijiko na bilauri ni tofauti, hizo zinabaki kwa idadi, mstari mmoja kwa kila aina. Huwezi kuandika historia ya kijiko.

Namba niliziandika kwenye stika na kuzibandika mahali pasipoonekana: chini ya kiti, nyuma ya kabati, ndani ya droo. Mpaka jioni nimepata mistari 96.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepita asubuhi kabla ya kazi. Stika tano za jikoni zimeshadondoka, na ya nyuma ya friji imejikunja. Unyevu wa hapa mjini, na upepo wa bahari unaoingia varandani, hauiachi gundi ya karatasi. Nimebadilisha njia: kwenye mbao naandika kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani, kwenye mapazia na mito nashona kipande kidogo cha utepe wenye namba, na kwenye vyombo vya umeme sibandiki kitu, natumia namba ya kiwandani iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Hiyo ni bora kuliko stika yangu, kwa sababu hakuna friji mbili zenye namba moja. Mtu akibadilisha runinga ya inchi 43 kwa nyingine ya inchi 43 iliyochoka, namba hiyo ndiyo itakayosema.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwama kwenye hali ya vitu, na nimefurahi kwamba nimekwama mapema.

Jana usiku niliandika hali ya kila kitu kwa neno moja: mpya, nzuri, ya wastani, mbaya. Leo nikamwomba binamu yangu aje afanye vivyo hivyo bila kuona yangu. Tukalinganisha. Kati ya mistari 96, tumepishana kwenye 31. Kochi kubwa nililoliita "nzuri" yeye kaliita "ya wastani", na kila mmoja alikuwa na sababu. Mimi niliangalia fremu, ni imara, haliyumbi. Yeye aliangalia kitambaa, kimepauka upande wa dirisha. Kama watu wawili wa ukoo mmoja, wasio na ugomvi, wanapishana hivyo, mpangaji na mwenye nyumba watakubalianaje siku ya kugawana hela?

Tulikaa sakafuni tukaanza kuchambua kwa nini tunapishana. Tukagundua kwamba neno moja linabebeshwa mambo matatu. Kuna swali kama kitu kinafanya kazi, kuna swali kama ni kisafi, na kuna swali kama kina jeraha. Jiko la gesi lenye mafuta yaliyogandia linafanya kazi vizuri na halina jeraha, ni chafu tu. Pasi inayong'aa inaweza kuwa haipati moto. Nimetenganisha safu tatu.

Kwenye safu ya jeraha nimeondoa kabisa maneno ya sifa. Pale tunaandika aina ya jeraha, mahali lilipo, na ukubwa wake kwa sentimita. Kama hakuna tulichokiona tunaandika "hakuna jeraha lililoonekana", hatuandiki "nzuri". Aina nazo tumezipatanisha: mkwaruzo ni mstari uliokata rangi au vanishi, mbonyeo ni pale palipoingia ndani bila kupasuka, ufa ni mpasuko ambao kitu bado hakijaachana, doa ni rangi iliyoingia na haitoki kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Kabla ya kuandika doa ni lazima ufute kwanza. Tumefuta madoa manne leo yakatoka, yalikuwa vumbi na chai.

Meza ya shangazi sasa inasomeka hivi:

"SEB-04. Meza ya chakula, mninga, futi 6 kwa 3, miguu 4. Haiyumbi ikisukumwa. Safi. Alama nyeupe ya joto ya duara, kipenyo sm 11, kitovu chake sm 23 kutoka ukingo wa dirishani na sm 61 kutoka ukingo wa jikoni. Mikwaruzo 3 karibu na kona ya mlangoni, mrefu kuliko yote sm 7."

Tumejaribu tena kupishana kwa mtindo huu kwenye mistari ile 31. Tumebaki na 5, na yote mitano ni ya vitambaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane, sikwenda kazini. Siku nzima ya picha.

Nilijiwekea kanuni: picha ya kwanza inaonyesha kitu kizima pamoja na kilicho jirani yake, ili ijulikane kiko chumba gani. Ya pili inaonyesha namba yake au kibandiko cha kiwanda. Kisha kila jeraha lina picha yake yenye rula ndani. Bila rula, ufa wa sentimita moja na ufa wa sentimita kumi vinafanana pichani, inategemea tu ulisimama wapi.

Juu ya meza niliona jambo ambalo lingenisaidia zamani. Nilipopiga picha kutoka juu taa ikiwa imewashwa, ile alama nyeupe ilionekana hafifu na mikwaruzo haikuonekana kabisa. Vanishi ilikuwa inarudisha mwanga wa taa. Nikazima taa, nikafunga pazia nusu, nikalaza tochi ya simu ya binamu karibu na usawa wa meza ili mwanga upite ubavuni. Mikwaruzo yote ikasimama, na nikaona miwili zaidi ambayo hatukuihesabu Jumatano. Tangu hapo kila kitu chenye vanishi, kioo au rangi ya kung'aa nimekipiga hivyo. Mlango wa jokofu nao ulitoa mibonyeo midogo miwili ambayo kwa macho ya kawaida haipo.

Magodoro yamechukua muda. Tumevua mashuka, tumepiga picha pande zote mbili, tukageuza. Kuhusu kubonyea, neno "limebonyea" halitoshi, kwa hiyo tulilaza mpini wa ufagio juu ya godoro kutoka ubavu hadi ubavu na kupima kwa rula nafasi iliyobaki kati ya mpini na godoro. La chumba cha kwanza ni sm 1 katikati. La chumba cha pili ni sm 4, nalo limechoka, na shangazi amekubali kulibadilisha kabla mgeni hajaingia.

Runinga tumeipiga ikiwa imewaka, kwa sababu ufa wa ndani ya kioo hauonekani ikiwa imezimwa. Friji tumeijaribu kwa karatasi: unabana karatasi kwenye mlango, unafunga, unavuta. Karatasi ikitoka bila kukazwa, mpira wa mlango umechoka pale. Upande wa chini kulia ilitoka kirahisi, na imeandikwa. Pia tuliacha kikombe cha maji kwenye friza. Nitaangalia kesho.

Halafu kuna kutu na ukungu. Bawaba za friji zina kutu, skrubu za kabati la bafuni zina kutu, kioo cha bafuni kina madoa meusi kwenye ukingo wa chini. Nyuma ya kabati la nguo la chumba cha pili, ambalo lilikuwa limegusana na ukuta, kuna ukungu wa kijivu ukubwa wa viganja viwili. Haya si ya mpangaji yeyote, ni ya pwani. Ila yasipoandikwa sasa yatakuja kuitwa uharibifu. Kabati tumelifuta, tumelisogeza sm 8 kutoka ukutani ili hewa ipite, na nafasi hiyo nayo tumeiandika.

Picha 268. Mwisho wa siku nilizipa majina kwa namba ya kitu, mfano `SEB-04-3.jpg` ni picha ya tatu ya meza. Faili halisi nimezihamishia kwenye kompyuta kwa waya, bila kuzipitisha WhatsApp. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na tarehe iliyoandikwa ndani ya faili huondolewa, na bila tarehe hiyo mtu ana haki ya kuuliza ilipigwa lini. Ikitumwa kama hati inabaki kama ilivyo.

Nimepiga pia video ya dakika sita nikitembea nyumba nzima. Inaonyesha kwamba vitu vyote vilikuwapo siku moja kwa pamoja, na hapo ndipo inaposaidia. Kwa mikwaruzo haina maana, kila kitu kinapita haraka.

Jumamosi, 9 Agosti

Maji ya friza yameganda.

Leo ni bei. Shangazi ana risiti chache: friji, runinga, godoro la chumba cha kwanza. Vingine anakumbuka mwaka tu. Nilikuwa nimepanga kuandika bei aliyonunulia, lakini nilipofika Keko kwa mafundi wa fenicha niliona haisaidii. Bei ya 2017 haimpi mtu meza leo. Nimeuliza kwa mafundi watatu na kuchukua bei ya kati: meza ya mninga ya ukubwa ule 900,000, na kiti kimoja 200,000 kikitengenezwa pamoja na vingine vitano.

Fundi mzee akanirekebisha kabla sijafunga daftari. "Mdogo wangu, kiti kimoja peke yake si bei hiyo. Nitafute mbao inayofanana rangi, nije kupima pembe ya mgongo, nipake vanishi mara tatu mpaka ifanane na vile vya zamani. Hicho ni 240,000." Sikuwa nimefikiria hilo. Seti ikipungukiwa kiti kimoja, hicho kimoja ni ghali kuliko kilipokuwa kwenye kundi. Nimeongeza kwenye maelezo ya viti vyote sita kwamba kukitengeneza kimoja ni 240,000, na pia usafiri na kupandisha ghorofa ya tatu, maana kochi halifiki juu kwa dua, linabebwa na vijana wawili wanaolipwa.

Vitu vya Kariakoo nimevimaliza kwa saa moja na nusu: sufuria, birika, feni, chandarua, mapazia. Kila bei nimeandika tarehe na mtaa wa duka, na kupiga picha lebo pale waliporuhusu.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi amepiga asubuhi akitaka nimsomee. Nikamsomea godoro la chumba cha kwanza: futi 5 kwa 6, inchi 8, alilinunua Julai 2022, bei ya dukani leo 350,000.

"Basi akiliharibu atanilipa 350,000."

"Hapana shangazi. Godoro limelaliwa miaka mitatu. Akikulipa jipya, utakuwa umepata jipya kwa la zamani."

Alinyamaza kidogo. "Na mimi nitalala kwenye nusu godoro?"

Swali lake ni la haki, na lilinifanya nikae nalo. Ni kweli dukani hawauzi nusu godoro, atalazimika kununua zima. Lakini hata kama mpangaji asingeligusa, baada ya miaka mingine mitano angelinunua vile vile. Mpangaji akiliharibu, alichomnyang'anya ni ile miaka iliyobaki. Hiyo ndiyo anayopaswa kuilipa. Nilipomwambia hivyo akaelewa, akaongeza, "Lakini na lile lililochoka kabisa nalo lina thamani, maana lilikuwa linalaliwa." Hapo alikuwa sahihi, na tukaweka sakafu: kitu kinachofanya kazi hakishuki chini ya sehemu moja ya tano ya bei yake mpya, hata kiwe cha zamani namna gani.

Muda wa maisha tumekadiria wenyewe, mimi, yeye na fundi: fenicha za mninga miaka 20, kochi 10, friji 10, godoro 8, runinga 8, mapazia 6. Si sheria ya mahali popote. Zinaandikwa ndani ya orodha, mpangaji anaziona kabla ya kusaini, na kama anaona godoro linaishi miaka sita, tuzungumze siku hiyo, si siku ya kuondoka.

Kwenye jedwali, safu ya E ni bei mpya ya leo, F ni tarehe ya kununua, G ni miaka ya maisha, na kisanduku cha K1 ni tarehe ya ukaguzi:

```
=ROUND(E2*MAX(0.2,1-YEARFRAC(F2,$K$1)/G2),-3)
```

Ambapo tunajua mwaka tu nimeweka tarehe 1 Julai ya mwaka huo, katikati, isimwonee yeyote. Godoro likipigwa hesabu kwa 16 Agosti linatoka 213,000. Kiti cha mninga cha 2017 kinatoka 119,000. Uzuri wa K1 ni kwamba siku ya kuondoka nitabadilisha tarehe moja tu na thamani zote zitashuka zenyewe.

Tukaandika na kanuni moja chini ya jedwali: kama kitu kinatengenezeka, mpangaji analipa gharama ya fundi au thamani iliyobaki, ile iliyo ndogo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimechapisha. Kurasa 19, mistari 97 baada ya kuongeza zulia tulilolisahau kwa sababu tulikuwa tunalikanyaga. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna funguo, zote saba zikiwa zimepangwa juu ya karatasi nyeupe na kupigwa picha, kila mmoja na jina la kitasa chake, pamoja na nafasi ya kuandika uniti zilizobaki kwenye Luku na usomaji wa mita ya maji.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpangaji ameingia na mkewe na mtoto mdogo. Tumezunguka pamoja kwa saa moja na dakika kumi. Mwanzoni alitaka asaini haraka, gari la mizigo lilikuwa linamsubiri chini. Nilimwomba tupite sebule na jikoni tu kwa pamoja, na vyumba vingine apitie mwenyewe kwa siku tatu, aandike lolote tuliloliacha. Tumesaini kila ukurasa. Nakala moja yake, moja yangu, na faili ya orodha pamoja na picha zote nimezituma kwa barua pepe kwake na kwa shangazi muda ule ule, ili wote watatu tuwe na kitu kimoja chenye tarehe moja.

Jumanne, 19 Agosti

Ameleta vitu vinne. Droo ya chini ya `CH2` sakafu yake imeinama katikati. Rimoti ya kiyoyozi inafanya kazi ila kifuniko cha betri hakipo. Hita ya bafuni inachukua dakika ishirini kupata maji ya moto. Na chini ya zulia la sebule kuna kigae chenye ufa wa sm 14.

Nimekwenda kuvipiga picha na kuviingiza kama nyongeza yenye saini zetu wawili. Hicho kigae kilinifedhehesha, tulipiga picha ya zulia bila kuliinua. Nimemshukuru. Orodha iliyosahihishwa na mpangaji naiamini zaidi kuliko ile niliyoandika peke yangu.

Jumapili, 15 Februari 2026

Miezi sita imeisha, amepata uhamisho wa kazi. Shangazi amekuja mwenyewe kutoka Tanga. Nimebadilisha K1 kuwa tarehe ya leo, tukaanza mlangoni kwa mkono wa kushoto.

Tulipofika mezani shangazi alisimama. "Hii hapa. Tazama alama hii." Nikamfungulia `SEB-04-3.jpg`, tukaweka rula pale pale. Sm 11, na sm 23 kutoka dirishani. Akaigusa kwa kidole, akasema, "Kumbe ndiyo ile ile," tukaendelea.

Kiti `SEB-07` mguu wa nyuma wa kushoto umeachana na fremu. Mpangaji alisema mwenyewe kabla hatujauliza, mgeni alikuwa akijiegemeza nyuma. Picha ya Agosti inaonyesha kiungio kikiwa kimekaza, kwa hiyo si uchakavu wa kawaida. Thamani iliyobaki ni 114,000. Fundi, niliyemtumia picha hapo hapo, amesema kuunganisha upya ni 45,000. Amelipa 45,000.

Bilauri mbili hazipo, 3,000 kila moja. Kitambaa cha kochi kimepauka zaidi upande wa dirisha. Hilo ni jua, hakuna anayelilipia. Ukungu nyuma ya kabati la `CH2` haujarudi, kabati liko sm 8 kutoka ukutani kama tulivyoliacha.

Kilichochukua muda ni godoro la chumba cha kwanza. Ukingoni, upande wa kichwani, kuna shimo la kuungua, sm 9 kwa 6, kina sm 3. Dawa ya mbu ya kuchoma ilidondoka kutoka dirishani. Shangazi alitaja 350,000, kisha akajitazama, akaniangalia mimi. Jedwali linasema 192,000. Mpangaji naye alihoji: shimo liko pembeni, bado linalalika, kwa nini alipe lote?

Tulijadiliana karibu nusu saa, bila kelele. Msimamo wangu ulikuwa kwamba sponji iliyoungua haiunganishwi, hakuna fundi wa kumwita, na godoro lenye shimo huwezi kumpa mpangaji mwingine anayelipia nyumba yenye fenicha. Kwa hiyo kwa kazi yake ya hapa, limekwisha. Mpangaji akasema, "Sawa mama, nalipa 192,000, lakini basi godoro niondoke nalo." Shangazi akacheka, akasema ni haki yake, amelinunua. Wamelishusha wenyewe hadi kwenye gari. Hilo halikuwa kwenye kanuni zetu, nimeliongeza: anayelipa thamani yote iliyobaki anachukua kitu chenyewe.

Hesabu: 192,000, na 45,000, na 6,000, jumla 243,000. Kwenye amana yake ya 900,000 amerudishiwa 657,000 mbele yetu, amesaini, ameturudishia funguo saba.

Jumatano, 18 Februari

Godoro jipya limefika, bei yake sasa ni 365,000, na tarehe yake ya kununua inaanza leo. Kiti kimerudi kutoka Keko. Mstari wake kwa mpangaji ajaye: "SEB-07. Kiti cha mninga. Hakiyumbi. Mguu wa nyuma wa kushoto umeunganishwa kwa gundi na vijiti vya mbao, Februari 2026. Mstari wa gundi unaonekana kwa sm 4 upande wa ndani." Picha nne, moja ya tochi ubavuni.